YAH: TAARIFA YA KUCHELEWA KWA UJENZI WA BWENI LA WASICHANA, KILWA MASOKO

Mwenyekiti,
Kamati ya Ujenzi wa Bweni la Wasichana,
Kilwa Masoko.

27 Mei 2024

(Tafsiri ya Kiswahili ya barua yetu ya tarehe hiyo hiyo, iliyoandaliwa kwa ombi la Kamati ili wajumbe wote waisome kabla ya kikao. Barua ya Kiingereza ndiyo inayotambuliwa na mkataba, na tarehe na kiasi chochote kilichomo humu kimelinganishwa nayo.)

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu, pamoja na taarifa tuliyompa Mhandisi Mshauri kwa simu tarehe 6 Mei 2024 na kuithibitisha kwa maandishi tarehe 13 Mei 2024.

Tunasikitika kuwaarifu kwamba jengo halitakamilika tarehe 5 Julai 2024 kama mkataba unavyotaka. Kwa sababu tunazozieleza hapa chini, tunaomba kuongezewa siku 48 za kazi, ambazo kwa siku sita za kazi kwa wiki ni wiki nane, ili tarehe mpya ya kukabidhi jengo iwe Ijumaa, 30 Agosti 2024. Tunaomba pia kuidhinishiwa gharama za ziada za shilingi 27,660,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Sehemu kubwa ya siku tunazoziomba haina malipo yoyote kwa upande wenu, na tungependa wajumbe walifahamu hilo mapema, kwa kuwa muda na fedha ni maombi mawili yanayojitegemea.

Sababu ya kwanza ni mvua za masika. Ratiba iliyoidhinishwa ilitenga siku 10 za mvua kwa miezi ya Machi na Aprili. Kitabu cha kumbukumbu za kila siku, ambacho husainiwa kila jioni na msimamizi wetu na msimamizi wa kazi wa upande wenu, kinaonyesha siku 24 ambazo kazi za nje hazikuweza kufanyika, bila kuhesabu Jumapili wala sikukuu. Tunaomba tofauti ya siku 14 peke yake. Siku ambazo mvua ilinyesha asubuhi na mafundi wakarejea kazini mchana hatukuzitia katika hesabu hiyo.

Sababu ya pili ndiyo iliyotuumiza zaidi. Kufuatia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu Kimbunga Hidaya, tulifunga eneo la kazi Ijumaa, 3 Mei 2024, tukafunika saruji na kuwaondoa mafundi juu ya jengo. Kimbunga kiliingia nchi kavu Mafia siku iliyofuata. Tulipokwenda kukagua eneo asubuhi ya tarehe 5 Mei, tulikuta mirunda ya nusu ya kaskazini ya jamvi la ghorofa imelala chini, mbao za boksi zimetapakaa hadi uwanja wa michezo, na maji yamesimama ndani ya vyumba vya upande wa kusini hadi usawa wa kozi ya pili ya matofali. Nguzo na kuta hazikudhurika. Mhandisi Mshauri alizipima tarehe 9 Mei, na taarifa yake imeambatishwa.

Hata hivyo, uharibifu wa hapo kazini usingetuchelewesha kiasi hiki kama barabara ingekuwa inapitika. Mafuriko ya kimbunga hicho yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, na lori lililobeba tani 6 za nondo za milimita 12 na 16 za jamvi letu, ambalo lilikuwa limeondoka Dar es Salaam usiku wa tarehe 2 Mei, lilikwama upande wa kaskazini. Lilifika Kilwa Masoko tarehe 14 Mei. Hatukuona busara kununua nondo kutoka maduka ya jirani, kwa sababu zilizopatikana hazikuwa na vyeti vya majaribio vinavyotakiwa na mkataba, na jamvi la bweni watakalolala watoto juu na chini si mahali pa kujaribia bahati. Saruji haikuwa kikwazo, kwani stoo ilikuwa na mifuko ya kutosha. Lori lilipofika tulikuwa bado tunatoa maji na matope, na sehemu ya chini ilihitaji kukauka na kushindiliwa upya kabla ya kusimamisha mirunda mingine. Kwa hiyo, kuanzia tarehe 3 hadi 18 Mei tumehesabu siku 14 za kazi zilizopotea, na siku 6 nyingine, tarehe 20 hadi 25 Mei, za kulisuka upya boksi lililoanguka.

Sababu ya tatu ni mabadiliko mliyoyaagiza wenyewe kwa barua yenu ya 11 Machi 2024, ya kuongeza vyoo vinne na mabafu mawili upande wa mashariki wa sakafu ya chini. Tunaafiki kwamba nyongeza hiyo inahitajika, kwa idadi ya wanafunzi mnaotarajia kuwapokea. Michoro ya Msanifu ilitufikia tarehe 8 Aprili, wakati sakafu ya upande huo ilikuwa imeshamwagwa zege, hivyo inabidi kuikata ili kupitisha mabomba ya majitaka, kuchimba shimo jipya, kisha kujenga, kupiga plasta na kuweka marumaru. Kazi hii inahitaji siku 14 za ziada. Muda wa kusubiri michoro hatukuudai, kwa sababu uliangukia katika siku zile zile za mvua ambazo tayari zimehesabiwa.

Siku nne zilizopotea mwezi Februari kwa kuharibika kwa mashine ya kuchanganyia zege ni zetu, na hazimo katika maombi haya. Sikukuu ya Nane Nane nayo imo ndani ya wiki nane tunazoziomba, wala hatuiombei siku ya ziada.

Kuhusu gharama, mkataba unatofautisha matukio ya asili na maagizo ya mteja. Kwa siku 34 za mvua na kimbunga tunaomba muda tu. Mishahara ya walinzi na mafundi tuliowabakiza, ada ya kusubiri ya lori, na mbao na mirunda iliyopotea ni mzigo wetu na wa bima yetu, na havitaonekana katika hati yoyote ya madai kwenu. Bei ya nondo pia inabaki ile ile, kwa kuwa mkataba ni wa bei isiyobadilika.

Tunachoomba kulipwa ni haya yafuatayo. Kazi za vyoo na mabafu, zilizopigiwa hesabu kwa bei zile zile zilizomo katika orodha ya kazi na bei ya mkataba, ni shilingi 18,650,000. Gharama za kuendesha eneo la kazi kwa siku 14 zinazotokana na nyongeza hiyo, yaani ulinzi, stoo, jenereta na msimamizi, ni shilingi 185,000 kwa siku, jumla shilingi 2,590,000. Mwisho, baada ya kuona maji yalivyoingia vyumba vya kusini, Mhandisi Mshauri ametuagiza tarehe 20 Mei kujaza kifusi meta za ujazo 90 nyuma ya jengo kwa shilingi 38,000 kila moja, na kujenga mtaro wa meta 60 kwa shilingi 50,000 kila meta. Jumla yake ni shilingi 6,420,000. Kazi hii itakwenda sambamba na nyingine na haiongezi hata siku moja. Mkipenda kupunguza gharama mahali fulani, tunashauri isiwe hapa.

Bei ya mkataba, shilingi 612,400,000 kabla ya kodi, inajumuisha fungu la dharura la shilingi 30,000,000. Shilingi 11,500,000 zilitumika Oktoba 2023 kuchimba mwamba uliokutwa kwenye msingi, na zimebaki shilingi 18,500,000. Tunapendekeza salio hilo lote litumike, ambapo pungufu litakuwa shilingi 9,160,000, na pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, Kamati itahitaji kutafuta shilingi 10,808,800 nje ya bajeti ya sasa. Kiasi hicho kitaingizwa katika vyeti vya malipo vya Julai na Agosti kulingana na kazi itakayokuwa imefanyika, na hatuombi malipo ya awali.

Ratiba mpya ni kama ifuatavyo. Nondo za jamvi zitafungwa wiki hii na kukaguliwa Ijumaa, 31 Mei, kisha zege litamwagwa Jumamosi, 1 Juni, badala ya 6 Mei. Matofali ya ghorofani yataanza kupangwa 10 Juni katika sehemu ambazo Mhandisi Mshauri ataziruhusu, lakini mirunda haitaondolewa chini ya jamvi kabla ya 22 Juni. Kenchi zitaanza kupandishwa 8 Julai na bati kukamilika 27 Julai. Plasta, umeme, mabomba na vyoo vya nyongeza vitaendelea chini ya paa hadi ukaguzi wa mwisho wa 26 Agosti. Kipindi cha miezi sita cha uangalizi wa kasoro kitaanza siku ya makabidhiano.

Tunafahamu kwamba mlikusudia kuwahamishia wanafunzi bwenini katika muhula wa pili unaoanza Julai, na katika kikao kilichopita mjumbe mmoja aliuliza kama sakafu ya chini inaweza kutumika huku ghorofa ikiendelea kujengwa. Tumelitafakari na hatushauri. Ngazi ni moja, vifaa vitakuwa vinapandishwa juu ya mlango wa kuingilia kutwa nzima, na bima yetu haimlindi mtu anayeishi ndani ya eneo la ujenzi. Tunaomba shule ipange malazi mengine hadi Agosti iishe.

Kwa hiyo tunaiomba Kamati, baada ya kupata mapendekezo ya Mhandisi Mshauri, itupatie uamuzi wa maandishi kabla au ifikapo Jumatatu, 10 Juni 2024. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kuagiza mabomba na marumaru za vyoo bila kuigusa tarehe ya 30 Agosti. Idhini ikichelewa, sehemu hiyo ya ratiba itasogea kwa siku zile zile zitakazopita. Tunaomba pia ithibitishwe kwamba fidia ya ucheleweshaji ya shilingi 250,000 kwa siku itaanza kuhesabiwa kuanzia 31 Agosti na si 6 Julai, iwapo tutashindwa kukabidhi kwa tarehe mpya.

Wajumbe wanakaribishwa kwenye ukaguzi wa nondo Ijumaa hii, saa nne asubuhi, wakati jamvi likiwa bado wazi na kila kinachodaiwa kikiwa kinaonekana kwa macho. Kofia ngumu zitakuwepo getini, ila tunaomba kila mmoja aje na viatu vilivyofunika vidole.

Wako katika ujenzi,

Meneja wa Mradi
Kwa niaba ya Mkandarasi

Nakala: Mhandisi Mshauri, Msanifu Majengo, Mkadiriaji Majenzi.

Viambatisho: kurasa za kitabu cha kumbukumbu za Machi hadi Mei 2024, taarifa ya ukaguzi ya 9 Mei, hati ya safari ya lori la nondo, mchanganuo wa bei za vyoo, kifusi na mtaro, ratiba iliyorekebishwa.