Pole kwa Dada Mwaja

Niliyoiandika kwanza, kwenye kompyuta ya masijala:

YAH: SALAMU ZA RAMBIRAMBI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa niaba ya menejimenti na watumishi wote wa Idara, nimepokea kwa mshtuko na masikitiko makubwa taarifa za kifo cha mama yako mzazi. Msiba huu ni pigo kubwa kwa familia, kwa Idara na kwa Taifa kwa ujumla. Marehemu atakumbukwa kwa mchango wake uliotukuka. Sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu aipe familia moyo wa subira na ustahimilivu katika kipindi hiki kigumu, na ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina.

Nakutakia kazi njema.

Hilo la mwisho lilitoka lenyewe, mkono umezoea barua. Mtu amefiwa, namtakia kazi njema! Niliporudi juu nikakutana na "pigo kwa Taifa". Bibi wa watu alikuwa analima karanga Kongwa. Mchango wake ninaoujua mimi ni mfuko mmoja wa rambo uliofika masijala Januari, na tuliumaliza kabla ya saa nne. Sala sikuifuta kwa kuidharau. Mchungaji na majirani watamwombea vizuri kuliko mimi. Na "kwa niaba ya menejimenti" ya nini, wakati mimi na Mwaja tunakaa meza zinazogusana mwaka wa sita huu?

Nikaacha kompyuta, nikashika simu. Niliyoituma ni hii:

Dada Mwaja, pole sana dada yangu. Nimeambiwa asubuhi hii kwamba mama ametutoka.

Tangu hapo nazikumbuka zile karanga zake. Ulituambia alikufungia mfuko wa pili akisema, "Na wale unaokaa nao wasinyimwe." Hakuwahi kutuona hata mmoja. Nilisema nitamshukuru siku nikipita Kongwa, na sikupita. Hilo linaniuma.

Majalada yako nimeyahamishia kwangu, na kabati nimelifunga. Asikupigie mtu yeyote kuuliza habari za kazi. Akikupigia, mwambie anitafute mimi.

Kesho tunakuja watano kuzika. Tutashuka Mbande, tuunganishe gari la Kongwa, kwa hiyo usimtume mtu kutupokea. Rambirambi ya ofisi anakuja nayo mweka hazina mwenyewe. Mama Neema atatangulia leo jioni akae na nyie jikoni.

Mpe mzee pole yangu. Usihangaike kujibu.

Baba Neema