Mwaliko wa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mahafali ya kidato cha nne

Shikamoo dada, habari za kazi hapo ofisini. Ni mimi mkuu wa shule, ile sekondari ya kata hapa Bahi ng'ambo ya reli. Barua rasmi nimeipitisha kwa Mkurugenzi Mtendaji na kopi ipo masjala kwenu tangu juzi, ila nakuandikia na hapa watsapu ili uiwahishe mezani kwa Mheshimiwa.

Tunamwomba kwa heshima zote Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya awe mgeni rasmi kwenye mahafali yetu, Jumamosi tarehe 10 Oktoba saa 4 asubuhi. Wahitimu ni 86 na mwezi wa 11 wanaingia mtihani wa taifa. Wasichana wetu wengi wanatembea mbali sana kuja shule, wazazi wameshapandisha kuta za hosteli zimefika usawa wa lenta hela ikaisha, kwa kweli tunatamani Mheshimiwa azione kwa macho yake kabla hajasomewa risala.

Akifika skauti watamvisha skafu, atasaini kitabu cha wageni ofisini kwangu, tunapita hosteli halafu ndo anaingia uwanjani watu wote wamesimama, muheme unapigwa, kisha wimbo wa taifa.

Meza kuu yeye anakaa katikati, kulia kwake Mwenyekiti wa Bodi ya Shule ambaye ndo mwenyeji na ndo atakayemkaribisha kuongea, kushoto Katibu Tawala, wanafuata Mkurugenzi, Mheshimiwa Diwani na Afisa Elimu Sekondari, mimi nitakaa pembeni huku karibu na spika. Kamati ya Ulinzi na Usalama wakiongozana naye nimewatengea mstari wa kwanza nyuma ya meza kuu, niambie tu watakuwa wangapi. Turubai tumeligeuza liangalie magharibi maana jua la asubuhi la Oktoba unalijua lilivyo, sitaki limpige usoni. Hapo kwenye viti kama kuna mtu nimempanga sipo nirekebishe dada yangu, usinionee aibu, bora tubadilishe sasa kuliko kuhamisha mtu mbele ya wazazi.

Akimaliza hotuba na kugawa vyeti hakuna tena hotuba nyingine, ni neno la shukrani dakika 2 basi.

Naomba pia unitumie jina lake kamili na cheo kama anavyopenda kitamkwe, mshereheshaji ni kijana wetu anaweza kuchanganya. Na ikitokea ana majukumu akatuma mwakilishi, nijulishe mapema ni nani, kiti kinabaki kilekile cha katikati ila kwenye ratiba na utambulisho itabidi tuandike "kwa niaba ya".

Nikipata jibu kabla ya Ijumaa ya tarehe 2 nitashukuru sana, Jumamosi yake ndo tunapeleka ratiba kuchapishwa Dodoma mjini. Msalimie sana Mheshimiwa.