BARUA KWA MHARIRI: Asubuhi tunageuza, watoto wanabaki kituoni

Ukonga Mombasa,
Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri,

Barua hii niliianza kwa maneno tuliyoyazoea: kero, imekithiri, wahusika wamelala. Nimeichana. Naomba nafasi nieleze asubuhi ya Jumanne iliyopita tu.

Saa 11:40 alfajiri nilikuwa kituoni Mombasa na binti yangu wa kidato cha pili. Wote tunaelekea Buguruni, yeye shule, mimi kazini kwenye mgahawa. Daladala za kutoka Gongo la Mboto zilipita saba. Zote zilikuwa zimejaa, konda ananing'inia mlangoni, hakuna iliyosimama. Anayeishi njia hii anajua dawa yake: kugeuza. Unavuka barabara, unapanda gari linalorudi Gongo la Mboto, unakaa humo humo mpaka ligeuke kuja mjini. Unalipa mara mbili.

Mimi natoa 600 ya kugeuza na 600 ya safari. Kwa siku sita za kazi, hiyo ya kugeuza inafika 3,600, kilo ya mchele na chenji inabaki. Naumia, lakini nafika.

Mwanangu hageuzi. Tulipovuka, konda alimwekea mkono mlangoni kifuani: "Denti hageuzi na mimi. Mama, ingia wewe." Nauli ya mwanafunzi ni 200, na siti hiyo konda anaihesabia ya mtu mzima. Nikasema nitamlipia 600 kamili, kwenda na kurudi. Akapiga bodi, gari likaondoka. Tukabaki wote wawili.

Alipata gari saa 1:25. Alisimama kwenye ngazi, begi amelikumbatia kifuani, nami nyuma yake nimeshika bomba kwa mkono mmoja na sketi yake kwa mwingine, asije akadondoka. Shuleni alikuta geti limefungwa. Jioni aliniambia kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu, na kwamba ilikuwa mara ya tatu kukikosa. Mara mbili hakuwa ameniambia.

Madereva nao nawaelewa. Wana hesabu ya tajiri ya kupeleka kila jioni, na gari likijaa mwanzo wa njia hawana sababu ya kusimama kwetu. Ndiyo maana siombi konda mmoja akamatwe. Naomba magari machache, hata manne, yaanzie safari hapa Mombasa kati ya saa 11:30 na saa 1:00 asubuhi, na awepo msimamizi kituoni wa kuhakikisha wanafunzi wanapanda. Jioni pale Buguruni asimame mwingine, kwa sababu gari lenye kibao cha Gongo la Mboto hutushusha Banana, tunaambiwa "mwisho hapa", na nauli inaanza upya.

Anayehusika na njia hii namkaribisha Jumatatu, saa 11:40. Tunasimama upande wa kwenda mjini, karibu na muuza vitumbua.

Mama Rehema