Kanuni za maktaba yetu ya marejeo

Ndugu waandishi wenzangu,

Baada ya kuunganisha maktaba zetu tatu za Zotero jana, nimekuta makala moja imeingia mara tatu, kila nakala ikiwa na tahajia yake ya jina la mwandishi. Napendekeza nakala rudufu zitambuliwe kwa DOI, kisha ziunganishwe kwa amri ya `Merge Items`. Tafadhali tusizifute, kwa sababu kufuta hukata uhusiano na nukuu zilizokwisha kuwekwa kwenye mswada, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Toleo la awali na lililochapishwa huwa na DOI tofauti, hivyo tunukuu lililochapishwa. Majina ya majarida yaandikwe kwa ukamilifu.

Naomba maoni yenu kufikia Ijumaa, kwani tunawasilisha makala Jumatano.

Wenu katika kazi,
Mwandishi mratibu