Kukokotoa Faida Ghafi: Ekari Moja ya Mahindi, Bweyale

Leo tunatumia daftari la mama mmoja wa Bweyale, Kiryandongo. Ana ekari moja ya Longe 5, msimu wa kwanza: alipanda Machi, akavuna Julai. Shamba ni lake. Hesabu zote ni kwa shilingi za Uganda.

Hatua ya 1: Thamani ya mavuno. Baada ya kukausha alipima kilo 1,500. Aliuza 1,200, nyumbani wakala 220, wavunaji wakaongezewa 40 juu ya ujira wao, na 40 zikaoza kwa kunyeshewa kwenye turubai. Hapa ndipo wengi wenu mnapoanguka: mnaandika zilizouzwa tu. Posho iliyoliwa nyumbani nayo ni mavuno, asingelima, angeinunua. Zilizooza tu ndizo zinatoka.

1,460 × 900 = 1,314,000

Mia tisa ni bei ya shambani. Ukitaka kutumia bei ya Kampala, lipia na lori.

Hatua ya 2: Gharama zinazobadilika. Jiulize: asingepanda mahindi msimu huu, angeitoa hii pesa?

| Gharama | Shilingi |
|---|---|
| Kulimisha kwa ng'ombe, mara mbili | 200,000 |
| Mbegu, kilo 10 | 45,000 |
| DAP, kilo 50 | 200,000 |
| Yurea, kilo 25 | 80,000 |
| Dawa ya viwavijeshi | 30,000 |
| Vibarua wa kupanda | 50,000 |
| Palizi mbili | 160,000 |
| Kuvuna, fedha taslimu | 60,000 |
| Kuvuna, mahindi kilo 40 | 36,000 |
| Kupukuchua kwa mashine | 45,000 |
| Magunia 12 | 24,000 |
| Jumla | 930,000 |

Zile kilo 40 za wavunaji zimeingia pande zote mbili, kwenye mavuno na kwenye gharama. Si kosa, ni ujira uliolipwa kwa mahindi. Majembe na ghala hayamo, maana yangekuwepo hata kama angepanda maharage.

Hatua ya 3: Toa.

1,314,000 − 930,000 = 384,000 kwa ekari

Hii bado si faida halisi. Gharama za kudumu hazijaguswa, wala jasho la mama na wanawe. Walifanya kazi siku 24, kwa hiyo kila siku imewaletea 16,000. Ilinganishe na ujira wa kibarua wa hapo hapo kijijini.

Hatua ya 4: Tikisa bei. Mavuno ya majirani yakitoka yote kwa pamoja, bei huporomoka. Tuseme imefika 600: mavuno yanakuwa 876,000, na ujira wa mahindi unashuka hadi 24,000, hivyo gharama ni 918,000. Hasara 42,000.

Bei ya kurudisha gharama tunaipata kwa kuweka kando zile kilo 40 pande zote mbili:

894,000 ÷ 1,420 ≈ 630 kwa kilo

Mnunuzi akifika na pikipiki na mizani yake akataja 620, mama huyu anajua la kumjibu.

Zoezi: Rudieni hesabu bila yurea, mavuno ya kupimwa yakiwa kilo 1,200, bei 900. Zilizooza na za wavunaji zibaki kilo 40 kila moja, nyumbani 220. Kupukuchua ni shilingi 30 kwa kilo, na gunia ni 2,000 kwa kila kilo 100 zilizouzwa.