Barua ya Maendeleo ya Masomo, Muhula wa Kwanza

Matondoni, Lamu
9 Januari 2024

Kwa Bi Zuhura,
Malindi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta na afya njema pamoja na wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na baba ameanza kutembea kwa mkongojo hadi barazani.

Wewe ndiye unayenisomesha, kwa hiyo nakuandikia taarifa ya muhula wangu wa kwanza chuoni Kilifi kama tulivyoagana mwezi wa Septemba. Nimeambatisha nakala ya matokeo na risiti zote. Kwa simu uliniuliza jambo zito, kama nibaki kwenye kozi hii ya sayansi ya bahari au nihamie nyingine isiyo na kemia. Nilikuomba muda nikujibu kwa maandishi, na jibu langu liko humu, lakini kwanza uyaone matokeo yenyewe.

Katika Misingi ya Sayansi ya Bahari nimepata 71. Biolojia ya Seli 64, Stadi za Mawasiliano 62, Kompyuta 57, Hesabu 46. Kemia nimepata 33, na alama ya kufaulu ni 40. Kwa hiyo nimeanguka somo moja, na nitalifanyia mtihani wa marudio mwezi wa Agosti. Masomo mengine yote nimepita, na naingia muhula wa pili pamoja na wenzangu bila kuzuiwa.

Hizo 33 za kemia nataka uzijue zilivyopatikana. Kila somo lina alama 30 za mazoezi ya maabara na mitihani ya katikati ya muhula, kisha 70 za mtihani wa mwisho. Kwenye mtihani wa mwisho nilipata 29. Kwenye zile 30 za mwanzo nina 4 tu, nazo ni za zoezi moja la maabara nililolifanya mwezi wa Oktoba. Mazoezi yaliyobaki na mtihani wa katikati vilinipita nikiwa Lamu.

Sababu unaijua kwa ufupi, ila sikupata kukueleza vizuri siku zile maana simu ilikuwa ikikatika. Baba alikuwa juu ya jukwaa akipigilia ubao wa jahazi la mtu wa Pate, jukwaa likaachia, akaanguka na kuvunjika mguu chini ya goti. Walimpeleka Lamu kwa boti, akafungwa plasta. Mama yangu mzazi alikuwa na wadogo zangu watatu, na mgonjwa asiyeweza hata kugeuka peke yake. Mimi ndiye mkubwa. Niliomba ruhusa chuoni, nikapewa, nikapanda basi nikiwa na nia ya kukaa siku chache tu.

Kisha mvua za El Niño zikatufungia. Unakumbuka Novemba ile, maji ya Tana yalivyopanda na barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatika. Mabasi yalisimama. Ndege ilikuwepo kwa mwenye uwezo, na nauli yake sikuithubutu kuitaja mbele ya mama. Kila asubuhi nilikuwa nikiwauliza manahodha wanaotoka Mokowe kama magari yamepita, na jibu lilikuwa lile lile. Wenzangu walinitumia picha za daftari zao kwa simu. Hesabu niliweza kufuata kiasi. Kemia ya maabara haifundishiki kwa picha: lazima uishike chupa mwenyewe, uone rangi inapogeuka.

Niliporudi nilipeleka barua ya hospitali na ya chifu. Idara ilizipokea, na ndiyo maana nimeruhusiwa kufanya marudio bila ya somo kuhesabiwa kuwa nimelitoroka. Lakini mazoezi yenyewe yalikuwa yameshafungwa na vifaa vimeondolewa kupisha darasa jingine.

Upande wa hesabu sitaki kuutia kwenye kapu la mguu wa baba. Ile 46 ingekuwa chini ya 55 hata kama nisingeondoka. Mwalimu alianza kalkulasi kama kwamba sote tumeisoma, na wengi wa waliotoka shule kubwa za Nairobi na Mombasa walikuwa wamekwisha kuigusa. Mimi nilikuwa naiona kwa mara ya kwanza, tena kwa Kiingereza cha haraka. Sasa tuna kikundi cha wanne tunaokutana jioni, na mmoja wao ana kipaji cha kueleza jambo taratibu. Naona mabadiliko. Maswali ya mwezi wa Oktoba yaliyonishinda nimeyafanya tena likizo hii na mengi yamekubali.

Sasa nije kwenye swali lako. Ulisema, kwa huruma, kwamba ualimu wa lugha au biashara vingenifaa zaidi na nisijitese. Nimelipima jambo hili kwa siku nyingi, nikalizungumza na baba na mama, na naomba kubaki nilipo.

Mama, mimi nimezaliwa mahali ambapo kila kitu kinatoka kwenye mikoko. Mataruma ya jahazi anayoyachonga baba ni ya mlilana. Boriti za dari ya nyumba yetu ni mkoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii yetu, na mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni, nilikuwa msichana mdogo nikawaona wakataji boriti wakikaa vibarazani mchana kutwa. Baba naye alikosa mbao za mataruma. Watu walikuwa wakibishana kila usiku: msitu unakwisha, msitu haukwishi, mlilana unarudi, haurudi. Hakuna kati yetu aliyekuwa na kipimo. Waliokuwa na vipimo walikuja kutoka mbali, wakaondoka navyo. Nataka awepo mtu wa Matondoni anayeweza kwenda matopeni, apime, aandike, kisha arudi barazani awaeleze wazee kwa Kiamu chao alichokiona.

Na kazi hiyo huwezi kuifanya bila kemia. Nikupe mfano mmoja. Harufu ile ya yai bovu inayotoka unapokanyaga matope ya mikoko, tangu utotoni tuliambiwa ni uchafu wa bahari. Muhula huu nimejifunza kwamba ndani ya matope hayo hewa ya oksijeni ni haba mno, kwa hiyo bakteria wanatumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari badala yake, na wanachokitoa ni gesi ya H₂S, ndiyo inayonuka hivyo. Mti unaoishi humo lazima upate hewa kwa njia nyingine, ndiyo sababu mchu unatoa vile vimizizi vinavyosimama wima juu ya matope kama vijiti, vinapumua maji yanapokupwa. Ukivifunika kwa mchanga au taka kwa muda mrefu, mti unakufa. Nilipolisoma hilo nilimpigia baba simu papo hapo, naye akaniambia sehemu mbili anazozijua ambako michu ilikufa baada ya mchanga kumwagwa. Somo lililonipa furaha kubwa namna hiyo ndilo lililoniangusha, na sioni sababu ya kulikimbia.

Wala sitegemei furaha peke yake. Mwalimu wa kemia amekubali niingie maabara na kundi la muhula huu kila Jumatano mchana, nifanye mazoezi niliyoyakosa, ingawa hayataingia kwenye alama. Kuhesabu kwa moli, jambo lililonisumbua tangu sekondari kwa kuwa shule yetu ilikuwa na chupa chache na wanafunzi wengi, sasa nalielewa, na nimemfundisha mdogo wangu aliye kidato cha tatu hadi akaweza. Kilichobaki kunitatiza ni asidi na besi, hasa zile hesabu za pH. Hilo ndilo nitakaloanza nalo.

Kuhusu fedha. Ulinitumia shilingi 62,000. Karo ilikuwa 28,500. Chumba ni 4,500 kwa mwezi, miezi minne ikawa 18,000. Koti la maabara na vitabu vya mtumba 2,300. Chakula nilikitengea 12,000, na humo ndimo nilimotoa 3,400 za nauli ya kwenda nyumbani na kurudi, kwa kuwa safari ile haikuwa kwenye mpango wetu. Naomba ulijue hilo kutoka kwangu. Sikulala njaa. Niliporudi, mwenzangu wa chumbani, msichana wa Mambrui, alisema tupike pamoja, na wiki za mwisho tulikula chungu kimoja, yeye akitoa unga na mimi nikitoa samaki wakavu niliopewa na mama. Jumla ya matumizi ni 60,800. Shilingi 1,200 zimebaki na ninazo.

Muhula wa pili siombi nyongeza ya chakula wala chumba. Ninachokuomba ni idhini ya kutumia hizo 1,200 kulipia mtihani wa marudio, ambao ada yake ni 1,000. Na kama utaona vyema, tutenge nauli ya safari moja ya dharura, ambayo isipotumika nitakurudishia mwisho wa muhula.

Mambo ya nyumbani yametulia kidogo. Plasta ilitolewa kabla ya Krismasi. Baba hawezi kupanda jukwaani bado, lakini anakaa chini ya kivuli cha jahazi akiwaelekeza vijana wawili anaowafundisha, na yule mtu wa Pate amekubali kusubiri na amelipa sehemu ya ujira. Mjomba anavua na kuleta kitoweo. Nilipomwambia baba kwamba naweza kuahirisha masomo mwaka mmoja nimsaidie mama, alinikatiza: "Rudi ukasome. Mguu huu hautapona upesi kwa wewe kuukalia na kuutazama." Mama naye akasema vivyo hivyo, kwa maneno makali zaidi.

Najua wewe hukunichukua kwa sababu ya undugu wa damu. Uliniona kwenye mashindano ya insha pale Lamu, ukaniuliza nataka kusoma nini, na nilipokujibu hukucheka kama wengine walivyocheka. Nimelala na kuamka na jambo hilo muhula mzima. Kukuletea 33 kumeniuma kuliko nilivyoweza kukuambia kwenye simu, na shukrani zangu kwako na kwa watoto wako ni kubwa kuliko barua hii.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu, tarehe 15. Nitaondoka hapa Jumamosi alfajiri kwa boti la Mokowe, nishike basi la kwanza, na jioni niwe Kilifi inshallah. Basi hupita Malindi mchana. Ukiniruhusu nitashuka nije nikusalimie na tuzungumze uso kwa uso kuhusu kozi, na uamuzi wako nitausikiliza kwa adabu hata ukiwa tofauti na ombi langu. Mama amenifungia boga na nazi nikuletee.

Baba na mama wanakusalimu sana.

Wako mtiifu,
Mwanaisha