Barua ya Mapendekezo ya Bi. Rehema: Tafsiri kutoka Kiingereza

14 Machi 2024

Kwa Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu,

YAH: MAPENDEKEZO YA BI. REHEMA KWA NAFASI YA MSIMAMIZI WA GHALA

Ninaandika kumpendekeza Bi. Rehema, aliyefanya kazi chini yangu katika ghala la kampuni yetu tangu Februari 2019 hadi Desemba 2023, kwanza akiwa karani wa ghala na kisha, kuanzia Julai 2021, akiwa msaidizi wangu. Kwa muda wote huo mimi ndiye niliyempangia kazi na kuandika tathmini yake ya kila mwaka. Hatuna udugu wala uhusiano mwingine nje ya kazi, na haya ninayoyaeleza nimeyashuhudia mwenyewe, isipokuwa pale nitakapotaja kwamba nimeyasikia kwa wengine.

Sifa yake kubwa ni umakini katika hesabu. Wakati wa kuhesabu mali mwishoni mwa mwaka 2022, leja ilionyesha makasha 312 ya aina moja ya bidhaa, ilhali kwenye rafu yalikuwa 288. Baadhi yetu, nami nikiwemo, tulikuwa tayari kuyaandika yale 24 kuwa yamepotea. Bi. Rehema aliomba apewe siku mbili, akazipitia hati za kupokelea bidhaa moja baada ya nyingine, na akagundua kuwa shehena moja ya makasha 24 ilikuwa imeingizwa kwenye leja mara mbili. Hakumlaumu aliyekosea, alimwonyesha kosa lilipo, wakalirekebisha pamoja.

Aliwafundisha kazi makarani wapya wanne, na alifanya hivyo kwa subira. Wenzetu wa idara ya ununuzi wameniambia kwamba taarifa zake za kila wiki ziliwarahisishia kuagiza bidhaa, ingawa jambo hilo sikulifuatilia kwa karibu.

Kuhusu uongozi, nilimwachia zamu ya watu sita mara tatu nilipokuwa likizoni, na kila niliporudi nilikuta kazi ikiwa katika hali nzuri. Sijamwona akiongoza kundi kubwa kuliko hilo. Hapo mwanzo aliona vigumu kuwagawia wengine kazi, akipendelea kuimaliza mwenyewe. Katika mwaka wake wa mwisho alikuwa amepiga hatua ya kuridhisha.

Miongoni mwa makarani 11 niliowasimamia, ninamweka katika watatu walio bora. Aliondoka kwa hiari yake mkataba ulipomalizika, na ningefurahi kumwajiri tena. Ninampendekeza bila kusita kwa nafasi ya kusimamia ghala lenye wafanyakazi wachache, na naamini kuwa, akisaidiwa ipasavyo, atalimudu pia lililo kubwa zaidi.

Wako mwaminifu,
Meneja wa Ghala

TAMKO LA MFASIRI

Nimeifasiri barua hii kwa ukamilifu, bila kupunguza wala kuongeza. Pale mwandishi aliposema kuwa Bi. Rehema yumo katika watatu bora, sikuandika kuwa ni bora kuliko wote, wala sikuishia kusema kuwa ni mfanyakazi mzuri, kwa sababu kauli ya kwanza ingemtwika mwandishi ushahidi ambao hakuutoa, na ya pili ingemnyima Bi. Rehema sifa aliyoistahili. Maneno “ya kuridhisha” yanaweza kusomeka kwa Kiswahili kama sifa baridi. Katika barua ya asili yanaeleza maendeleo ya kweli yaliyompendeza msimamizi, na ndiyo maana nimeyatanguliza kwa “amepiga hatua”. Maneno “bila kusita” yanabeba uzito wote wa asili, lakini mwandishi ameyafungamanisha na ghala lenye wafanyakazi wachache, nami sikuyaachilia yavuke mpaka huo. Kuhusu ghala kubwa yeye anasema “naamini”, si “nina hakika”.

Nilivutwa pia kumwita Bi. Rehema “binti yetu”, kama wakubwa wengi wa kazi wanavyowaita vijana wao kwa upendo. Nimeliepuka neno hilo, kwa kuwa mwandishi ametamka waziwazi kuwa hawana udugu, na msomaji asiyewafahamu angeweza kuutilia shaka ushuhuda wote kwa sababu ya neno moja hilo.

Mfasiri
18 Machi 2024